Tembe za kolesteroli na pombe: ini na misuli vinabeba nini

Kuna swali linaloulizwa chini kwa chini kwenye kliniki za presha na sukari hapa Pwani, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshainuka kitini na mkono uko mlangoni. "Daktari, hizi tembe za kolesteroli, mtu akionja kidogo je?" Hilo "kidogo" halina kipimo, na huyo "mtu" hana jina. Katika jamii yetu, ambamo wengi hawakulelewa na chupa nyumbani, kukiri kwamba unakunywa ni kuzito kuliko kukiri kwamba hukumeza dawa. Basi mgonjwa hujitafutia jibu mwenyewe. Ijumaa usiku huziweka tembe kando, Jumamosi vilevile, Jumapili akarudi kwenye dawa, na moyoni hujiona amelihurumia ini lake.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo, na kwa mkewe au mwanawe anayezihesabu tembe zilizobaki kwenye pakiti. Yanahusu statini, yaani kundi la dawa lenye atovastatini, simvastatini, rosuvastatini na wenzao, ambazo hupewa mtu mwenye kolesteroli mbaya nyingi, mwenye kisukari, au aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo au kiharusi. Tuseme mapema: pombe na statini havigombani tumboni kama wengi wanavyodhani. Hatari ipo, lakini imekaa mahali pengine, na anayeruka tembe za Ijumaa na Jumamosi haikwepi. Anachokipoteza ni kinga ya mishipa yake kwa usiku 104 kwa mwaka.

Ini ndilo mlango

Ili kuelewa hatari hiyo, tuifuate tembe inakokwenda. Sehemu kubwa ya kolesteroli iliyo mwilini hatuili, tunaitengeneza wenyewe, na ini ndilo karakana kuu. Statini hukizuia kimeng'enya kimoja kinachohitajika katika kazi hiyo. Ini likiona kolesteroli yake imepungua, huongeza mikono ya kuikamata kolesteroli mbaya, ile inayoandikwa LDL kwenye karatasi ya maabara, na kuitoa kwenye damu. Hapo ndipo faida ilipo: kila LDL inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, mishtuko ya moyo, viharusi na maafa mengine makubwa ya mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano.

Dawa ikitoka tumboni hupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini, na ini huishika nyingi papo hapo. Kwa simvastatini, chini ya sehemu 5 kati ya 100 za ulichomeza ndizo hufika kwenye damu ya mwili mzima zikiwa bado na nguvu. Kwa atovastatini ni kama sehemu 14. Ndivyo tunavyotaka, kwa kuwa kazi ya dawa iko kwenye ini. Misuli ya mapaja haina haja na statini, na kadiri inavyofikiwa na dawa nyingi ndivyo inavyoweza kudhurika.

Kwa hiyo ini lina kazi mbili hapa. Ni mahali dawa inapofanyia kazi, na ni mlango unaoizuia isifurike kwenye misuli. Mlango ukiwa mzima, mambo huenda sawa. Mlango ukioza, misuli ndiyo hulipa. Na katika vitu vinavyoozesha mlango huo kwa miaka, pombe imo mstari wa mbele.

Je, tembe zenyewe zinaharibu ini?

Hofu hii haikutoka hewani. Tangu statini ya kwanza iidhinishwe Marekani mwaka 1987, madaktari waliona kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vimeng'enya vya ini, ALT na AST, hupanda kwenye damu. Kwa miaka mingi wagonjwa walipimwa ini kila baada ya miezi kadhaa kwa sababu hiyo. Kilichoonekana baadaye ni kwamba kupanda huko aghalabu ni kwa muda, hakuleti ugonjwa, na hutegemea kipimo cha dawa. Katika majaribio ya atovastatini, vimeng'enya vilipanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha kawaida kwa watu 2 kati ya 1,000 waliotumia miligramu 10, na kwa watu 23 kati ya 1,000 waliotumia miligramu 80. Wengi wao hawakuhisi lolote.

Mwaka 2012 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliondoa agizo la kupima ini mara kwa mara kwa kila mtu. Ilisema kwamba madhara makubwa ya ini kutokana na statini ni nadra na hayatabiriki, na vipimo vya kila mara havikuwa vikisaidia kuyagundua wala kuyazuia. Kipimo kimoja kabla ya kuanza dawa kinatosha, kisha mtu apimwe tena akiwa na dalili au kuna sababu.

Mnywaji anaingia wapi basi? Maelezo ya dawa hizi yanataka tahadhari kwa mtu anayekunywa pombe kwa wingi au aliyewahi kuugua ini, na yanakataza kabisa statini kwa mtu ambaye ini limeshindwa ghafla, au limekauka na kujaa makovu mpaka limeanza kushindwa kazi. Hayasemi kwamba bia moja ukiwa na tembe mwilini ni sumu. Pombe haiipandishi statini kwenye damu kwa namna inayopandishwa na baadhi ya dawa nyingine, ambazo tutazitaja. Huenda wengi tumechanganya na metronidazoli, ile dawa ya amiba, ambayo karatasi yake inakataza pombe waziwazi. Makatazo ya dawa moja yamehamia kwa nyingine kwa njia ya mdomo, kama habari nyingi za dawa zinavyohama mitaani.

Yafaa kusema neno pia juu ya ini lenye mafuta, maana linawasumbua wengi. Mtu akipigwa picha ya tumbo akaambiwa ini lina mafuta, mara nyingi jirani humwambia aache tembe za kolesteroli. Ni kinyume. Ini lenye mafuta si sababu ya kuacha statini, na wenye hali hiyo ndio hao hao wanaokufa kwa moyo. Cha kupunguza hapo ni uzito, sukari na pombe. Pombe hulijaza ini mafuta mapya, na pia hupandisha trigliseridi, mafuta mengine ya damu ambayo statini huyapunguza kidogo tu. Mtu anameza tembe kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili anajaza anachokitoa.

Misuli: nani hasa anauma?

Hapa ndipo penye mzozo mkubwa, kwani maumivu ya misuli ndiyo sababu inayotajwa zaidi na watu walioacha statini.

Mwaka 2022 jarida la Lanset lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 19 yaliyolinganisha statini na tembe za bure, yakiwa na watu karibu 124,000. Katika mwaka wa kwanza, statini iliongeza malalamiko ya misuli kwa watu 11 hivi kati ya kila 1,000. Baada ya mwaka wa kwanza tofauti ilikuwa karibu haipo. Zaidi ya asilimia 90 ya maumivu yaliyoripotiwa na waliomeza statini hayakutokana na statini.

Miaka miwili kabla, watafiti wa London walifanya jaribio dogo lenye akili. Walichukua watu 60 waliokuwa wameacha statini kwa sababu ya madhara, wakawapa chupa 12 za mwaka mzima: nne zenye atovastatini miligramu 20, nne zenye tembe za bure, nne tupu. Mgonjwa hakujua tembe alizonazo mwezi huo ni zipi. Miezi ya chupa tupu walijisikia vizuri. Miezi ya tembe za bure waliumwa karibu sawa na miezi ya dawa halisi. Maumivu yalikuwa ya kweli, ila sehemu yake kubwa ililetwa na kule kumeza tembe huku mtu akitarajia kuumwa. Walipoonyeshwa matokeo yao, nusu walirudi kwenye dawa.

Sasa tuiweke pombe kando ya hayo. Pombe yenyewe ni sumu ya misuli, bila statini yoyote. Mnywaji mkubwa wa miaka mingi hupoteza nyama ya mapaja na mabega polepole, na hali hii ni ya kawaida zaidi miongoni mwao kuliko ini lililokauka kwa makovu. Anayekunywa kwa mafuriko, siku mbili tatu mfululizo, anaweza kuumia misuli kwa ghafla: imevimba, inauma ikiguswa, haina nguvu. Akilala sakafuni saa nyingi akiwa amelewa, ameulalia mkono au paja, msuli hubanwa na kukosa damu. Ongeza joto letu la mwezi wa pili na ukosefu wa maji mwilini, na nyuzi za misuli zaweza kupasuka na kumwaga vilivyomo kwenye damu mpaka figo zizibe. Statini nayo huweza kufanya hivyo, lakini ni kwa watu wawili au watatu tu kati ya 100,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo mnywaji anayeumwa mapaja na anameza statini ana washukiwa wawili, na mara nyingi humfunga asiye na hatia. Anaacha tembe, anaendelea na chupa, na anawasimulia wenzake barazani kwamba dawa za kolesteroli zinakula nyama.

Hata hivyo isidhaniwe kuwa statini huwa haina hatia daima. Kuna hali ambapo yote tuliyosema juu ya mlango yanaonekana wazi. Watafiti wa Ulaya waliwapa simvastatini watu ambao ini lao lilikuwa limekauka na limeanza kushindwa, na kati yao walikuwamo wengi walioharibiwa na pombe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Katika kundi lililopewa miligramu 80 kwa siku, watu 3 kati ya 16 walipasukiwa na misuli. Linganisha na wale wawili watatu kati ya 100,000. Dawa ni ile ile, ila mlango haukuwapo tena. Kundi la miligramu 40 katika jaribio hilo halikupata mkasa huo. Ndiyo maana mtu ambaye tumbo limejaa maji, macho yamegeuka manjano au ametapika damu kwa ajili ya ini, hatakiwi kumeza statini kwa uamuzi wake, hata kama alizimeza miaka kumi bila shida.

Fundi wa Kisauni

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Si mtu fulani, ila kila mhudumu wa kliniki atamtambua. Ni fundi mwashi wa miaka 54, anaishi Kisauni. Miaka miwili iliyopita alipata mshtuko wa moyo. Anatumia atovastatini miligramu 40, aspirini, na amlodipini ya presha. Siku za kazi hagusi pombe. Wikendi hunywa mnazi, na siku hizi huongezea kichupa cha robo cha pombe kali. Wiki hiyo kulikuwa na sherehe ya siku tatu. Jumanne anashindwa kupanda jukwaa la ujenzi, mapaja yanamwaka.

"Daktari, hizi tembe ndizo zinaniua," anasema.

"Mzee, kabla hatujazihukumu tembe, niambie wikendi ilikuwaje."

Ananyamaza kwanza. Kisha anasema, na kusema huko ndiko kunakobadilisha kila kitu kinachofuata.

Majibu ya damu yanarudi hivi. CK, kipimo cha misuli iliyoumia, ni 1,450, na kiwango cha juu cha kawaida kwenye maabara hiyo ni 200. AST ni 170 na ALT ni 88, zote mwisho wake ni 40. GGT ni 290, mwisho wake 60. Bilirubini, inayopanda ini linaposhindwa kusafisha, iko sawa. Figo ziko sawa. Mkojo una rangi ya kawaida.

Anayesoma haraka ataiona AST ya 170 na kusema ini limeharibiwa na dawa. Lakini AST haikai kwenye ini peke yake, imo pia kwenye misuli, na msuli ulioumia huimwaga. ALT pia imo kidogo. GGT ndiyo inayosaidia kutenganisha, kwa kuwa misuli haiimwagi. GGT ikiwa juu hivi, ini nalo lina lake, na kwa mtu huyu pombe ndiyo ya kwanza kushukiwa. Angalia pia kwamba AST imeishinda ALT karibu mara mbili. Ini lililoumizwa na pombe huwa na sura hiyo, ilhali statini ikiligusa ini, kwa kawaida ALT ndiyo hutangulia. Hapa misuli imeongeza yake kwenye AST, kwa hiyo sura hiyo peke yake haitoshi kuhukumu.

Daktari anaomba vipimo viwili zaidi: homa ya ini ya B, kwa sababu si kila ini linaloumwa limeumizwa na chupa, na tezi ya shingo, kwa sababu tezi iliyolegea huleta maumivu ya misuli na hupandisha CK na kolesteroli vyote kwa pamoja. Vinarudi safi.

CK ya fundi imepita mara saba ya kawaida, na ana maumivu. Kwa kiwango hicho statini husimamishwa kwa muda hata kama haijathibitika kuwa ndiyo yenye kosa. Uamuzi huo si mwepesi kwa mtu aliyekwisha kupata mshtuko wa moyo, na ni wa daktari. Pombe inasimama pia. Fundi anaambiwa anywe maji kwa wingi, asinyanyue mizigo, na arudi siku hiyo hiyo mkojo ukigeuka rangi ya chai ya mkandaa. Kama CK ingevuka 2,000, yaani mara kumi, au mkojo ungekuwa umeshageuka rangi, asingerudishwa nyumbani. Angelazwa atiwe maji ya mshipani ili kuokoa figo.

Baada ya wiki tatu CK ni 180, AST 48, ALT 45. GGT imeshuka hadi 140, maana hiyo hushuka polepole hata mtu akiacha kabisa. Mapaja yametulia. Lakini bado hatujui nani mkosaji, kwa sababu vyote viwili viliondolewa pamoja. Hapa wengi hukosea. Wanafurahi maumivu yameisha na hawarudi kliniki. Fundi anarudishiwa statini peke yake, miligramu 20, bila pombe. Wiki sita baadaye CK ni 165 na hana maumivu. Dozi inapandishwa hadi 40, anapimwa tena, hali ni ile ile. Sasa tunaweza kusema kwamba tembe peke yake, kwa dozi aliyokuwa akitumia, haimuumizi. Kama wikendi ile iliongeza lolote juu ya kazi ya pombe, ni kidogo, na halikuonekana pombe ilipoondoka.

Kama maumivu yangerudi tembe iliporudi, bado kuna njia. Daktari angemhamishia statini nyingine kwa dozi ndogo, kwa mfano rosuvastatini au pravastatini, ambazo hazipiti njia ile ile ya kusagwa kwenye ini, au angempa dawa ya kolesteroli isiyo statini. Kuacha moja kwa moja ni kwa wachache sana.

"Kidogo" ni kiasi gani?

Pombe hupimwa kwa gramu, si kwa glasi. Hesabu yake ni rahisi: chukua mililita, zidisha kwa asilimia ya ukali iliyoandikwa kwenye chupa, kisha zidisha kwa 0.79. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 inatoa gramu 17 hivi. Kichupa cha robo, mililita 250 za pombe kali ya asilimia 40, kinatoa gramu 79. Hicho kichupa kidogo cha mfukoni ni sawa na bia karibu tano.

Uingereza, ambako mamilioni wanatumia statini, wagonjwa wanashauriwa wasipite yuniti 14 kwa wiki. Yuniti moja ni gramu 8, kwa hiyo ni gramu 112, chini ya bia saba za kwetu, na zigawanywe siku kadhaa. Huo ni mpaka wa juu, si dozi ya kufikia. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Kwa mwenye ini lenye makovu au homa ya ini, mpaka ni sufuri. Na kwa misuli, namna ya kunywa ina uzito wake. Gramu 60 au zaidi kwa kikao kimoja ndizo shirika hilo linazihesabu kuwa unywaji wa mafuriko. Fundi wetu alizipita kila siku ya sherehe kwa kile kichupa pekee.

Mnazi una tatizo lake: hauna karatasi ubavuni. Tembo la asubuhi ni tamu na halina nguvu, lakini hamira ya hewani imeshaanza kazi tangu juu mtini, na kufika jioni ni kitu kingine. Ukifika asilimia 5, lita mbili zake zinatoa gramu 79, sawasawa na kile kichupa cha robo. Mtu husema "nimekunywa mnazi tu", na neno hilo "tu" haliingii kwenye hesabu. Chang'aa haina hesabu kabisa, kwani hakuna anayejua ukali wake wala kilichomo, na hapo statini ndiyo dogo katika maswali yote.

Yanayoumiza misuli kuliko bia

Mtu anaweza kuihofia bia moja huku akimeza kitu kibaya zaidi bila habari. Simvastatini, na kwa kiasi fulani atovastatini, husagwa kwenye ini kwa kimeng'enya ambacho dawa nyingine hukiziba. Erithromisini na klarithromisini, zinazonunuliwa kwenye duka la dawa kwa kikohozi, zimo. Dawa kadhaa za fangasi za kumeza zimo, na baadhi ya dawa za virusi vya UKIMWI pia. Zikikutana na simvastatini, dawa hupanda mara kadhaa kwenye damu na misuli huumia. Amlodipini, ambayo karibu kila nyumba yenye mgonjwa wa presha inayo, huruhusu simvastatini isiyozidi miligramu 20 kwa siku. Tazama pakiti za mama au baba nyumbani: ukikuta amlodipini pamoja na simvastatini 40, nenda nazo kliniki. Hata maji ya balungi, yakinywewa lita nzima kila siku, yana tabia hiyo hiyo.

Unapokwenda, sema vyote: tembe, dawa za miti shamba, miraa au muguka, na pombe kwa chupa au lita na siku. Si lazima useme mbele ya watu wa nyumbani. Mwombe daktari muda wa peke yenu, na ni haki yako kuupata. Karatasi yenye GGT ya 290 itasema hata usiposema, ila itachelewesha, na katikati hapo utabadilishiwa dawa isiyo na kosa.

Usingoje miadi ukiona macho ya manjano, maumivu ya chini ya mbavu za kulia pamoja na kutapika, mkojo wa rangi ya chai, au mapaja kukosa nguvu kiasi cha kushindwa kuinuka mkekani bila kujishika. Uchungu wa kawaida baada ya kazi nzito, ulio upande mmoja au kwenye kiungo kimoja, kwa kawaida si statini. Ya statini hushika pande zote mbili, mapaja, nyonga, mabega, na mara nyingi huanza ndani ya miezi ya mwanzo au baada ya dozi kupandishwa.

Turudi kwa yule wa Ijumaa. Kuruka tembe siku mbili hakulipumzishi ini, kwa kuwa si tembe iliyokuwa ikilichosha. Nguvu ya atovastatini hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo usiku wa Ijumaa dawa ya Alhamisi bado imo akinywa, apende asipende. Kama kinachomsahaulisha ni jioni yenyewe, atovastatini na rosuvastatini humezwa saa yoyote, na anaweza kuzihamishia asubuhi pamoja na dawa ya presha. Simvastatini ndiyo humezwa usiku, kwa kuwa hukaa muda mfupi. Akisahau moja, aendelee na inayofuata kwa saa yake, asimeze mbili.